Nimelipia kodi simu niliyotoka nayo Dubai, kwa nini kituo cha huduma kimekataa waranti?

#1 Mkazi wa Kijitonyama

Wakuu, salaam. Naomba kueleweshwa jambo ambalo limeninyima usingizi wiki nzima.

Mwezi wa tatu nilikuwa Dubai kwa siku sita, na katika duka moja la Deira nikanunua simu mbili za aina moja kwa dirham 2,200 kila moja. Yangu niliifungua hotelini na kuanza kuitumia, ya mama watoto nikaiacha ndani ya boksi lake. Nilipofika Julius Nyerere, afisa wa forodha aliangalia begi, akaniachia ile niliyokuwa natumia, lakini ya boksi akaikadiria kodi. Sikubishana. Nikapewa namba ya malipo, nikalipa pale pale kwa simu na kutoka na karatasi yangu.

Sasa simu hiyo ya mama watoto imetoa mstari wa kijani kwenye kioo, kutoka juu hadi chini, bila kuanguka wala kuingia maji. Nimeipeleka kituo cha huduma cha chapa hiyo hapa mjini (sitakitaja wala chapa sitaitaja). Binti wa mapokezi akaingiza IMEI kwenye kompyuta, akasoma, akaniambia kwa upole kwamba simu hii si ya soko letu, kwa hiyo kioo nitalipia mwenyewe. Nikamwonyesha karatasi ya kodi, akasema hiyo haimhusu.

Swali langu ni hili: ikiwa serikali imeitambua simu hii na kuchukua chake, kituo kinaikataa kwa msingi gani?

#2 Chuma cha Temeke

Pole, mkuu. Jibu ni rahisi. Simu zinazotoka nje bila kupitia kwa msambazaji huhesabiwa kuwa ni za magendo, na kampuni haiwezi kutoa waranti kwa mali ya magendo. Pia nadhani ulipunjwa au ulipendelewa pale uwanjani, kwa sababu bidhaa yoyote iliyokamilika hulipiwa ushuru wa asilimia 25.

#3 Msomaji Kimya

Ndugu yangu wa #2, mtu amesema ana karatasi ya malipo mkononi, nawe bado unamwita mfanyamagendo. Je, asingelipa ungemwitaje?

#4 Wakala wa Mizigo

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha kwa miaka kumi na minne, kwanza bandarini, sasa uwanja wa ndege. Naomba nirekebishe mawili katika #2.

La kwanza, asilimia 25 ni daraja mojawapo tu katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Madaraja ni sifuri, 10, 25 na 35, na kila bidhaa ina mstari wake katika kitabu cha ushuru. Simu janja zina namba yao, 8517.13, na nchi mwanachama inaweza kuomba kiwango tofauti kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ukitaka kujua kiwango cha leo, usiulize kijiweni. Fungua mstari huo katika kitabu cha mwaka wa fedha unaoanza Julai mosi, kwa sababu kila bajeti ya mwezi wa sita inaweza kugusa kitu.

La pili, kodi zenyewe hazikokotolewi sambamba, bali moja hupanda juu ya nyingine. Chukueni simu yenye thamani ya shilingi 1,000,000 ikiwa imefika hapa, na tuseme kwa mfano tu kwamba ushuru wa forodha ni asilimia 10. Ushuru utakuwa 100,000. VAT ya asilimia 18 haitahesabiwa kwenye milioni moja, itahesabiwa kwenye 1,100,000, na hapo inakuwa 198,000. Watu wengi hujumlisha 10 na 18 wakapata 280,000, kisha wakisomewa 298,000 husema wameibiwa. Juu ya hapo kuna tozo ya reli na ada ya kuchakata nyaraka, ambazo ni asilimia ndogo.

Kuhusu simu iliyopita bure na iliyolipiwa, hapo afisa alifuata mazoea ya kawaida. Simu yenye laini yako, picha zako na mikwaruzo yako ni kifaa cha msafiri. Simu iliyo ndani ya boksi ambalo halijafunguliwa ni kitu kingine, hata kama ni zawadi. Kiwango cha vitu visivyo vya biashara ambavyo msafiri aliweza kupita navyo kilikuwa dola 500 kwa miaka mingi, na dirham 2,200 ni kama dola 600.

Kuhusu waranti sisemi kitu, si eneo langu.

#5 Dada wa Aggrey

Kaka Chuma, mimi nauza simu Kariakoo, na nikisoma neno magendo mwili unanisisimka. Mzigo wetu hutoka Guangzhou na Dubai kwa kampuni za kusafirisha mizigo. Nguo tunalipia kwa kilo, simu tunalipia kwa kipande, na bei hiyo tunaambiwa inajumuisha usafiri na kodi. Mzigo unatolewa kwa jina la aliyeusafirisha, mimi napokea boksi langu na stakabadhi ya usafirishaji. Je, kodi imelipwa? Nimeambiwa imelipwa. Karatasi yenye jina langu sina.

Ndiyo maana tunatoa waranti ya duka, wiki mbili hadi miezi mitatu kutegemea na simu, na tunabandika stika juu ya skrubu. Mteja anajua, na bei anaiona. Simu ambayo kwa msambazaji inauzwa milioni moja na laki tano, kwangu anaipata kwa milioni moja na laki mbili. Hiyo laki tatu ni pamoja na waranti ambayo hakununua.

#6 Mama wa Mbweni

Asanteni kwa uzi huu. Mwanangu ameniletea simu kutoka Muscat, na nasikia TCRA huzifunga simu za nje. Je, nitafungiwa? Nina picha nyingi za wajukuu.

#7 Fundi wa Makumbusho

Shikamoo mama. Hutafungiwa kwa sababu hiyo. Zilizozimwa mwezi wa sita mwaka 2016 zilikuwa simu bandia, ambazo IMEI zake zilikuwa za kubuni au zimenakiliwa kutoka kwa nyingine. Simu halisi haijali imenunuliwa Muscat au Manzese. Bonyeza *#06#, namba ya tarakimu kumi na tano itatokea, itume kwa ujumbe kwenda 15090, nawe utajibiwa jina la chapa na aina. Likilingana na simu uliyoshika, endelea kupiga picha za wajukuu.

Kuhusu mtoa mada, maelezo yangu ni ya kifundi. Simu yenye jina moja sokoni inaweza kuwa na miili miwili tofauti ndani. Mfano ulio wazi ni iPhone: zile za Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kabisa tundu la laini, na nyingi za China bara zina nafasi ya laini mbili za plastiki. Kituo cha hapa huagiza vipuri vya simu zinazouzwa hapa. Wakiletewa ya soko jingine, ubao unaweza kuwa tofauti, na kifaa cha kubadilisha hawana. Wanakukataa kwa sababu kabati ni tupu, si kwa sababu wanakuchukia.

#8 Mkazi wa Kijitonyama

Fundi, asante, lakini binti yule alisema kioo kipo na akanitajia bei yake. Kama kabati lingekuwa tupu, ningekilipiaje?

#9 Mbeba Jalada

Nimekaa nyuma ya meza ya mapokezi ya kituo cha huduma kwa miaka sita, chapa tofauti na ya mtoa mada nadhani, lakini utaratibu unafanana. Niruhusuni nieleze kinachotokea baada ya IMEI kuingizwa, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo.

Kiwanda kinapouza simu elfu tano kwa msambazaji wa nchi fulani, orodha ya IMEI zote elfu tano huingia kwenye mfumo na kuandikiwa nchi hiyo. Ndani ya bei ambayo msambazaji amelipa, au katika mkataba wake, kuna fungu la matengenezo ya miezi kumi na miwili au zaidi. Simu ikiharibika, kituo hubadilisha kioo kwa gharama yake kwanza. Kisha kinatuma dai: IMEI, aina ya hitilafu, namba ya kioo kipya, na kioo kibovu kinahifadhiwa ili kirudishwe au kikaguliwe. Dai likikubaliwa, kituo hurudishiwa fedha ya kipuri na ya fundi.

Sasa ingiza IMEI iliyoandikiwa Falme za Kiarabu. Mfumo wenyewe ndio unaoifanya kazi hiyo iwe ya kulipia. Nikiilazimisha ipite kwa huruma, dai linarudi limekataliwa mwisho wa mwezi, na kioo cha laki tano au sita kinabaki kuwa deni la kituo. Binti wa mapokezi hana ubavu huo. Karatasi ya TRA haina sehemu ya kuingia katika mfumo huo hata angetaka, kwa sababu inaeleza uhusiano wa mzigo na serikali, wakati dai linaeleza uhusiano wa IMEI na fungu la nchi. Simu inaweza kulipiwa kodi yote na ikakosa waranti hapa. Na simu ya msambazaji ikiibwa bohari ikauzwa bila kodi, mfumo unaweza kuikubali bila kuuliza.

#10 Chuma cha Temeke

Nakubali nilikosea kuhusu magendo, na asilimia 25 naiondoa. Hata hivyo sishawishiki. Kampuni ni moja, fedha zote zinaishia kwenye mfuko mmoja huko makao makuu. Kwa nini ofisi ya Dubai isiilipe ya Dar? Naona hii ni njia ya kumlinda msambazaji ili asiuziwe pembeni. Watu wakijua simu ya Deira inatengenezwa bure hapa, nani ataingia dukani kwake?

#11 Mbeba Jalada

Sikatai kabisa, ndugu Chuma. Nikiwa kazini niliwahi kumsikia meneja akisema wazi kwamba tukizipokea hizo tutakuwa tunawatengenezea wapinzani wetu bidhaa. Lakini niliona pia mahesabu ya mwezi, na najua hofu ya dai kukataliwa ni ya kweli. Sababu ipi ilitangulia nyingine siwezi kusema, na watu wa makao makuu nao hawatakwambia. Apple wao wameiandika katika masharti yao ya mwaka mmoja: kwa iPhone, wanaweza kuibana huduma ya waranti kwa nchi ambayo simu iliuzwa kwanza na wao au wasambazaji wao. Kompyuta zao hazina kizuizi hicho katika sentensi hiyo. Kwa hiyo si suala la uwezo wa kutengeneza peke yake.

#12 Hakika

Naongeza upande wa sheria kwa ufupi, kwa sababu naona mnachanganya ahadi mbili. Waranti ya kiwanda ni ahadi ya hiari yenye masharti yake. Wajibu wa muuzaji ni kitu kingine: kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inamtaka muuzaji wa biashara atoe bidhaa yenye ubora wa kuuzika, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zake za kumlinda mlaji, hata pale ambapo kiwanda kimekana. Tatizo la mtoa mada ni kwamba muuzaji wake yuko Deira. Mteja wa Dada wa Aggrey, akiwa na risiti ya EFD, yuko katika nafasi nzuri zaidi kuliko yeye, hata kama stika ya duka imeandika wiki mbili.

#13 Dada wa Aggrey

Wakili, usiwafundishe wateja wangu hayo siku ya Jumamosi.

Utani pembeni, risiti natoa. Nami nina neno kuhusu kodi. Mwaka 2021 serikali iliondoa VAT kwenye simu janja, tukatarajia bei zishuke. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa kwa maelezo kwamba haukuleta nafuu ya bei iliyokusudiwa. Mimi naona mwaka mmoja haukutosha, kwani mzigo wa zamani ulikuwa bado madukani ukiwa na kodi yake ndani. Wengine watasema wafanyabiashara tuliila ile nafuu. Sitaapa kwa niaba ya wote.

#14 Fundi wa Makumbusho

Mtoa mada, nina ombi. Kabla ya kuhukumu kiwanda, chunguza simu yenyewe. Kama ni Samsung, kwa mfano, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za programu, utaona herufi tatu za soko; XSG ni Falme za Kiarabu. Kwa iPhone, namba ya modeli huishia na herufi: LL/A ni Marekani, B/A ni Uingereza. Usidhani kila simu inayouzwa Deira ni ya Deira. Pale kuna mzigo wa nchi nyingi. Ukikuta simu yako ni ya soko la tatu, hata Dubai kwenyewe wanaweza kukukatalia.

Pia uliza kituo kikwambie tarehe ambayo simu iliwashwa mara ya kwanza.

#15 Mkazi wa Kijitonyama

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa. Fundi, nimeangalia. Herufi ni za Falme za Kiarabu, kwa hiyo hapo niko salama. Lakini tarehe ya kuwashwa imenishangaza: kituo wamenisomea siku kumi na tisa *kabla* ya tarehe iliyo kwenye risiti yangu. Boksi nililifungua mimi mwenyewe hapa nyumbani mbele ya mke wangu. Sasa amenitazama kwa namna ambayo sipendi, kama kwamba nilimletea simu ya mtumba.

#16 Mbeba Jalada

Mwambie shemeji atulie, jambo hili nimelikuta mara nyingi. Baadhi ya simu huwekewa kizuizi cha eneo: mara ya kwanza lazima iwekwe laini ya nchi za eneo hilo na ipigwe kwa dakika chache, kwa kawaida tano, ndipo ikubali laini za kwingine. Wauzaji wa jumla wanaolenga Afrika hufanya kazi hiyo kwa niaba yako. Wanakata lakiri ya boksi kwa wembe, wanaweka laini, wanapiga, wanarudisha kila kitu na kubandika lakiri nyingine. Itazameni ile karatasi ndogo ya pembeni ya boksi. Ikiwa kuna gundi ya zamani chini ya mpya, au mstari mwembamba wa wembe kwenye karatasi, basi ndivyo ilivyokuwa.

Madhara yake ni kwamba saa ya waranti ilianza siku hiyo. Kwako umepoteza siku kumi na tisa tu. Nimeona simu zilizokaa bohari miezi saba baada ya kupigiwa.

#17 Msomaji Kimya

Kwa hiyo simu ya mama watoto ilimpigia mtu mwingine kwa dakika tano kabla ya kumpigia yeye. Mkuu, hilo ulieleze taratibu, na usilieleze usiku.

#18 Mkazi wa Kijitonyama

Gundi mbili zipo. Mstari wa wembe upo pia. Nimemwonyesha, amecheka kidogo, angalau.

Uamuzi wangu ni huu: binamu yangu anakwenda Dubai mwezi ujao, nimpe simu na risiti ya duka, aipeleke kituo cha chapa kule, kwani miezi kumi na miwili haijaisha. Kuna tatizo lolote?

#19 Wakala wa Mizigo

Kule wakiipokea, sawa. Tatizo lako litakuwa siku ya kurudi. Binamu atakuja na simu yenye kioo kipya na plastiki ya kiwandani juu yake, si ajabu akiwa na boksi vilevile, na ya kwake mfukoni. Afisa ataona simu mpya ya pili. Mpe ile karatasi ya malipo ya mwezi wa tatu asafiri nayo, na kabla ya kuondoka afike mapema uwanjani, amwonyeshe simu afisa wa forodha na aombe iandikwe kwamba inatoka kwa matengenezo na itarudi.

Hebu soma karatasi yako. Je, IMEI imeandikwa?

#20 Mkazi wa Kijitonyama

Imeandikwa idadi, moja, na neno simu. Kuna thamani, kuna jina langu na namba ya pasipoti. IMEI haipo popote.

#21 Wakala wa Mizigo

Hilo ndilo nililoliogopa. Karatasi hiyo inathibitisha kwamba wewe ulilipia simu moja mwezi wa tatu, lakini haithibitishi kwamba ni hii. Wenzetu wa Kenya tangu Januari 2025 wanataka IMEI itajwe simu inapoingizwa, na watu wengi waliilalamikia kazi hiyo. Hapa, kama afisa haiandiki, inakupasa umwombe mwenyewe akiwa bado ameshika kalamu.

Kuna jambo jingine. Kwenye kazi ya kioo ubao haubadilishwi, kwa hiyo IMEI inabaki ileile. Lakini wakiamua kumpa binamu simu nyingine badala ya kutengeneza, atarudi na IMEI mpya kabisa, na hapo hata maandishi ya kalamu hayatamsaidia bila barua ya kituo inayotaja namba zote mbili.

#22 Dada wa Aggrey

Kioo hicho hapa nakipata kwa laki nne na nusu, cha asili, pamoja na fundi. Nasema tu.

#23 Mkazi wa Kijitonyama

Laki nne na nusu, na waranti ni ya muda gani?

#24 Dada wa Aggrey

Wiki mbili, kaka yangu.